Dawa ya Moyo kwenye Rafu ya Pumu

Binti wa mazoezi alikuwa ameshanyoosha mkono wenye bahasha ya vidonge kwenye dirisha la dawa alipokumbuka kwamba hajamweleza mgonjwa namna ya kumeza. Upande wa pili mama mmoja alikuwa ameegemea ukingo, kifua kikimlia filimbi ingawa alishavutishwa dawa ya pumu kule ndani.

"Utakunywa vinane kwa pamoja, mama, kila asubuhi ukishakula," alisema, akavitoa amwonyeshe.

Kwenye bahasha mfamasia alikuwa ameandika prednisolone. Mgongoni mwa karatasi ya vidonge paliandikwa propranolol.

Akasoma tena, herufi kwa herufi. Ya kwanza hutuliza kifua. Ya pili ni ya moyo na presha, na mwenye pumu humbana pumzi. Vinane kwa mkupuo vingeweza kumuua.

"Nisubiri kidogo, mama yangu."

Mfamasia, ambaye kituo kizima kilimwita Dada Mkubwa, alisoma karatasi, rangi ikamtoka. Alikwenda rafuni akarudi na boksi jeupe la propranolol lenye mstari wa bluu. Lilikuwa limekaa kwenye nafasi ya prednisolone, na kwa sura ungesema ni pacha wake.

Binti alilitambua. Jana ndiye aliyepanga mzigo mpya, simu imebanwa begani, akimcheka dada yake wa kuzaliwa naye kwa vituko vya mchumba wake.

Walitoa dawa sahihi, wakaikagua wote wawili. Mama aliipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akutunze, mwanangu. Mwingine angenipa tu."

Binti alijibu kwa kichwa.

Habari zilimfikia daktari mkuu, akaja mwenyewe. "Dada Mkubwa, macho umeyaacha nyumbani? Shukuru una mwanafunzi makini."

"Sikusoma karatasi, daktari. Ni uzembe wangu."

Binti alisimama pale, anasifiwa. Alingoja mpaka daktari alipotoka.

"Boksi niliweka mimi," alisema mwishowe. "Nilikuwa kwenye simu."

"Najua. Jana hapakuwa na mwingine kwenye rafu."

"Sasa mbona uzembe umeubeba peke yako?"

"Nimebeba wangu. Wako nilikuachia." Mfamasia alisogeza boksi mbele yake. "Machozi baadaye. Kwanza tuangalie kama kuna mgonjwa mwingine aliyepewa vidonge vya humu."

Binti alihesabu karatasi zote za boksi. Zilizopungua ni zile zilizokuwa mezani tu. Wakaihamishia propranolol rafu ya mbali, wakabandika onyo kwa herufi kubwa. Kisha binti akaenda kugonga mlango wa daktari, akasema yote, na ya simu pia.

Daktari alivua miwani. "Kesho asubuhi utawaeleza wenzako wote, kama ulivyonieleza."

"Sawa, daktari."

Mchana ule kila aliyekohoa kwenye foleni alimfanya ainue kichwa. Na kila alipopokea asante, aliinamisha macho kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha wizi.