Sinia la Watu Watano

Wiki ile sikulala vizuri. Si Lahbib, yaani Bwana Lahbib, msimamizi wa madarasa ya awali, alikuwa amesema atarudi Alhamisi, na akirudi atamsikiliza mwanafunzi wangu Tuda akihesabu mpaka tano. Akishindwa, hapandi darasa la kwanza.

Kwingineko mtoto kubaki mwaka mmoja nyuma si msiba. Kijijini kwetu, huku juu milimani, ni msiba. Baba yake, Si Moha, alikuwa ameshanieleza mlangoni mwa darasa, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mwalimu Rkiya, mimi sina ugomvi na shule. Mkisema hawezi, basi hawezi. Mama yake ana kazi ya kufuma mazulia, na mikono ya mtoto ni myepesi. Atakaa na mama yake."

"Anaweza, Si Moha."

"Msimamizi kasema hawezi."

Msimamizi alisema hivyo kwa sababu ya karatasi. Zile karatasi za zoezi tulizoletewa zina tarakimu kubwa nyeusi: moja, mbili, tatu, na mtoto anatakiwa apitishe penseli juu yake kisha aseme jina lake. Tuda alizitazama kama mtu anayetazama kufuli la nyumba ya jirani. Tatu aliiandika imegeuka, nne hakuigusa. Si Lahbib akatikisa kichwa, akaandika. Mimi nilimjua Tuda. Nilikuwa nimemwona akigawa mkate kwa wenzake bila mmoja kukosa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, lakini hasira haipandishi mtoto darasa.

Nikamwambia Si Lahbib: "Nipe nafasi nitengeneze karatasi nyingine. Ya vitu."

"Vitu gani?"

"Vya nyumbani kwao."

Akanitazama juu ya miwani. "Tengeneza. Lakini iwe kipimo, isiwe mchezo. Na siku ya kupima, mwalimu hasemi neno."

Kusema ni rahisi. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilichora jozi, zile kokwa za kuliwa zenye ganda gumu, ndani ya viboksi, mtoto aweke jozi halisi juu ya kila picha. Jozi zikaviringika hadi chini ya kabati, na watoto nusu saa wakawa wanatambaa. Nikaweka kokwa za zeituni, mtoto mmoja, Basu, akaingiza moja puani, na nikaona maisha yangu yote yakipita mpaka alipopiga chafya ikatoka. Nikachora balgha, viatu vyetu vya ngozi, pea mbili. Nikauliza ngapi? Nusu ya darasa wakasema mbili, nusu wakasema nne, na wote walikuwa sahihi, kwa kuwa wengine kwao balgha ni pea na wengine ni kiatu kimoja. Pembeni nilikuwa nimepamba kwa maua, na msichana mmoja akayahesabu maua pia. Nani angemlaumu? Mimi ndiye niliyeyaweka.

Lalla Ijja, yaani Bibi Ijja, jirani anayetupikia uji wa watoto, alisimama mlangoni na mwiko wake akanicheka.

"Mwanangu, watu wanahesabu tangu dunia iumbwe bila karatasi yako."

"Wanahesabu bila msimamizi, Lalla."

"Hapo umenishinda." Akaingia, akatazama michoro yangu, akakunja uso. "Na hii nini, panya?"

"Birika la chai."

"Mungu atusaidie."

Lakini lile birika ndilo lililonipa wazo. Kila nyumba hapa ina sinia na glasi ndogo nene za chai, zinazofanana, hazibiringiki wala haziingii puani. Nikaazima glasi za Lalla Ijja na birika lake la bati, akanipa kwa kiapo kwamba nikivunja glasi moja ataninyima uji mpaka uzeeni.

Nikaanza upya, kwenye karatasi kubwa za kutandika chini. Ya kwanza ilikuwa na sinia lenye duara za ukubwa wa kitako cha glasi: mtoto anaweka glasi moja kwa kila duara huku akitaja, kitu kimoja neno moja, asiruke wala asirudie. Pembeni niliweka tarakimu ndogo pamoja na vitone vya idadi ileile, ili ile alama nyeusi iwe na kitu inachokisemea. Karatasi ya pili ilikuwa na duara zilezile, ila zimetawanyika badala ya kupangwa mstari, mtoto aone kwamba nne ni nne hata zikikaa ovyo. Ya mwisho haikuwa na duara hata moja. Juu nilichora watu watano wamekaa, chini sinia tupu, na sikuandika tarakimu yoyote. Mtoto mwenyewe alete glasi za kuwatosha, kisha aseme ni ngapi. Hapo karatasi haimshiki tena mkono, na ndiyo maana niliiamini hiyo kuliko zote.

Tuda alizipita zile za duara vizuri. Ile ya mwisho hakuwahi kuijaribu, kwa sababu siku hiyo theluji ilifunga njia ya kwao. Nikajiambia haidhuru.

Alhamisi Si Lahbib alifika, buti zimejaa matope, akakaa kwenye kile kiti cha watoto kwa kuwa hatuna kingine, magoti karibu na kidevu. Nikatandika karatasi. Tuda akapiga magoti mbele yake, kilemba chake kimeteleza upande mmoja. Nje ya dirisha nilimwona baba yake. Amekuja, mtu wa watu, akajifanya anatazama ukuta.

Karatasi ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili pia. Si Lahbib alizisogeza glasi kidogo akauliza sasa ni ngapi, Tuda akamwambia, "Si zilezile tu?" Kalamu ikaandika kitu. Nikaanza kupumua.

Ikaja ya mwisho. "Hawa wamekuja nyumbani kwenu," akasema Si Lahbib. "Hakuna wengine. Waletee glasi zinazohitajika."

Tuda akawatazama watu wangu wale niliowachora vibaya mmoja mmoja. Akaleta glasi: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikafunga macho kwa furaha. Nilipoyafungua, alikuwa anaweka nyingine.

"Ngapi?" Si Lahbib akauliza.

"Sita."

"Na watu?"

Akawagusa kwa kidole. "Watano."

"Basi glasi ngapi?"

"Sita," akasema Tuda, sasa kwa sauti ya mtu anayeona mwenzake hasikii vizuri.

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Niliwaona mama na mtoto mbele ya mtambo wa mazulia, leo na kesho na mwakani. Nilikuwa nimekatazwa kusema, nikajua nikisema naweza kuharibu kila kitu, na nikinyamaza kimeharibika tayari. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Si Lahbib, niruhusu swali moja. Sitamfundisha."

Hakufurahi. "Moja."

"Tuda, hii glasi ni ya nani?"

Akaishika ile ya sita kwa vidole viwili.

"Ya chai."

"Zote si za chai?" akauliza Si Lahbib.

"Hizi za watu. Hii ya chai yenyewe. Maji ya kwanza yakitoka unayaweka hapa, unaosha majani kwa maji mengine unayoyamwaga, halafu yale ya kwanza unayarudisha ndani. Usipoyaweka chai inakuwa chungu na haina roho." Akamgeukia kwa huruma. "Kwenu nani anapika?"

Lalla Ijja akakohoa mlangoni ili asicheke.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimekunywa chai hiyo tangu nizaliwe, na kila mara glasi ya maji ya kwanza imekaa pale siniani, mbele ya macho yangu. Nilipochora watu watano nikaamini nimeuliza tano. Nilikuwa nimeuliza sita. Na yeyote aliyejibu tano nilimwona hodari.

Si Lahbib akavua miwani. "Mwalimu, karatasi hii ina kasoro. Swali lenye majibu mawili si kipimo."

"Ni kweli," nikasema. "Kosa ni langu. Si lake."

"Na kosa likiwa lako, mimi naandika nini kuhusu yeye? Siwezi kuandika kwamba anajua chai." Akaupapasa mkoba wake pale alipoweka zile karatasi za tarakimu nyeusi. Tungerudi pale pale, kwenye kufuli la jirani.

Hakuzitoa. Aliitazama ile glasi ya sita kwa muda. Kisha akajisogeza, kiti kikalia, akashuka akakaa chini kwenye mkeka, mzee wa watu na buti zake, akakunja miguu kando ya karatasi kama mgeni.

"Haya, binti. Nimefika na mimi. Sina glasi."

Tuda hakuanza tena moja, mbili. Hakuzigusa hata zile zilizokuwepo. Alichukua glasi moja kutoka kwenye boksi la glasi, akaipangusa kwa pindo la nguo, akaiweka mbele yake.

"Saba," akasema.

"Una hakika? Hujahesabu."

"Zilikuwa sita. Na yako."

"Na wanaokunywa?"

Hapo alifikiri. Macho yake yakaenda kwenye glasi ya chai yenyewe, akaisogeza kando kidogo, ikakaa peke yake.

"Sita."

Jambo hilo mimi sikuwa nimemfundisha. Tulikuwa tumeomba afike tano. Watoto wengine huzihesabu upya tokea mwanzo kila unapoongeza moja, na ukimwambia endelea kutoka sita anakutazama kama umemtukana. Si Lahbib alilijua hilo kuliko mimi.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Nani alinifundisha nini?"

Akaandika. Aliandika mistari mingi, na mimi sikuthubutu kunyoosha shingo. Alipomaliza akageuka dirishani, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Si Moha! Acha kutazama ukuta, ingia. Binti yako mwezi wa tisa anaanza darasa la kwanza. Mtafutie mkoba."

Si Moha aliingia, kofia mkononi, akasimama kwenye matope yake mwenyewe. Alizitazama zile glasi, midomo ikamchezacheza, na nikatambua kwamba na yeye anahesabu.

Mimi nililia. Sioni aibu kusema. Nililia nimewapa mgongo, nikijifanya napanga penseli.

"Karatasi utaitengeneza upya," Si Lahbib akaniambia.

"Leo hii."

Akajaribu kuinuka, lakini Tuda alikuwa amemshika mkono wa koti. Birika lile tupu la bati tulilolichukua kwa Lalla Ijja alikuwa ameshalinyanyua juu kabisa, kama inavyotakiwa chai inapomiminwa.

"Kaa," akamwambia. "Bado hujanywa. Baba, na wewe kaa." Akaliachia koti, akanyoosha mkono kwenye boksi. "Nane."