Paketi za Maziwa Nyuma ya Bega

Alikuwa mhakiki wa picha gazetini, na kazi yake ilikuwa kukataa. Picha ikiletwa na maneno kwamba hapa ni mahali fulani, yeye huikodolea macho mpaka ajue kweli ilipigwa wapi, na mara nyingi huishia kuitupa. Kwa hiyo picha ya Kitinda ilipoingia kwenye simu ya shangazi yake, ukoo mzima ulimgeukia yeye. Wangemgeukia nani mwingine, fundi bomba?

Kitinda alikuwa mtoto wa mwisho wa shangazi, fundi wa kupaka rangi nyumba, na kazi ilimpeleka nchi ya jirani. Vita vikalipuka huko, simu yake ikazimika, na shangazi akawa mtu wa kukaa tu kitandani na kuitazama simu. Zikaja fununu kwamba baadhi ya vijana wamefanikiwa kutorokea nchi ya tatu, upande wa pili kabisa, na kwamba wengine wamekwama mjini, risasi juu ya vichwa. Kitinda yuko kundi gani? Hakuna aliyejua. Halafu ndiyo ikaja hiyo picha, imerushwa kutoka simu hadi simu mpaka haijulikani nani aliyeanza, na taarifa zilizojificha ndani ya picha, za mahali na saa ilipopigwa, zimepotelea njiani. Kitinda amekaa juu ya kreti dukani, amekonda. Nyuma ya bega lake rafu ya paketi za maziwa. Ukutani bango.

"Yuko wapi, mwanangu?" shangazi aliuliza kwenye simu. "Wewe si ndiyo kazi yako?"

Kwenye meza yao ya uhakiki kulikuwa na sheria moja tu: hakuna anayetamka mahali mpaka mwenzake naye atazame. Waliiita sheria ya macho manne. Lakini mwenzake, mzee mmoja mtaratibu ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Subiri, alikuwa kwa daktari wa meno. Na shangazi alikuwa anahema kwenye simu. Jamani, nani angesubiri?

Akakuza picha. Maandishi ya paketi yalikuwa ya nchi yenye vita, herufi zile zenye mikia na nukta, lugha moja peke yake. Hilo lilimpa imani. Paketi yenye lugha sita haikuambii kitu, imetengenezwa iuzwe kila mahali. Yenye lugha moja huwa ya kwao wenyewe. Bango nalo herufi zilezile, na mwanamke anacheka ameshika simu. Basi.

"Shangazi," alisema, "bado yuko kule. Hajatoka."

Shangazi hakulia. Alisema "haya" na kukata simu, na hiyo "haya" ndiyo iliyomtesa mhakiki asubuhi yote.

Bwana Subiri aliporudi, shavu moja limevimba, alimkuta ameinamia meza. Na wakati huohuo simu ikalia: shangazi tena. Sasa alikuwa analia kweli. Kaka yake Kitinda, ambaye ni dereva wa lori, amesikia mdogo wake yuko mjini, amewasha gari na kuondoka kumfuata. Ameshakaribia mpaka. Ukivuka geti la mpakani, simu zote zimekufa.

"Mwambie arudi," shangazi alisema. "Mimi hanisikii. Nitapoteza wawili, mwanangu. Wawili!"

Bwana Subiri alivuta kiti. "Lete hiyo picha," alisema kwa mdomo wenye ganzi. "Na nani aliitazama pamoja nawe?"

"Hakuna."

Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Aliitazama picha, kisha akaweka kidole kwenye bango. "Hii inasema nini?"

"Ni lugha ya kule."

"Sijauliza ni lugha gani. Nimeuliza inasema nini."

Hakuwa amelitafsiri. Yeye, wa kukatalia watu picha kila siku, aliziona herufi na kuridhika, kama mtu anayesikia lafudhi ya mgeni na kuapa kwamba wako nchini kwa mgeni. Akalikata bango kutoka kwenye picha, akalitia kwenye programu ya kutafsiri. Maneno yakatokea: Piga simu nyumbani kwa bei nafuu.

"Nyumbani," Bwana Subiri alirudia. "Nani anauziwa simu za kupiga nyumbani?"

"Aliye mbali na nyumbani," alisema mhakiki polepole. "Bango la hivi halibandikwi kwao. Hili ni la wahamiaji. Na maziwa wanaagiziwa kutoka kwao!"

"Taratibu. Bango ni dokezo, si ushahidi. Kuza paketi, pale chini."

Pale chini palikuwa na kibandiko cheupe ambacho asubuhi alikidhani ni bei. Hakikuwa bei. Kilikuwa na herufi za kawaida, lugha ya nchi ya tatu, zikieleza viungo vya maziwa, na chini yake jina la mwagizaji na namba ya simu. Kibandiko cha namna hiyo hubandikwa bidhaa inapoingia nchi nyingine, ili wanunuzi wa huko waelewe wanachokunywa. Maziwa yanayouzwa kwao hayana haja nacho.

Hakumalizia hata kushangilia. Alimpigia dereva.

"Binamu, geti hili hapa," dereva alisema, ngurumo ya injini nyuma yake. "Magari mawili mbele yangu. Ongea haraka."

"Usivuke! Hayuko huko."

"Asubuhi yuko, sasa hayuko. Nimwamini yupi, wewe wa asubuhi au wewe wa sasa?"

"Asubuhi nilikosea. Nilisema peke yangu, kwa haraka, na nilikosea. Usiniamini hata sasa. Nipe muda wa kupiga simu moja tu. Toa lori kwenye foleni, tafadhali kaka, simu moja."

Injini ikazimwa. "Moja," alisema dereva.

Bwana Subiri, aliyejua kidogo lugha ya nchi ya tatu, alipiga namba ya kwenye kibandiko. Akajikongoja na maneno yake ya kuokoteza, nusu ganzi, nusu kitabu cha shule, mpaka karani wa upande wa pili akacheka na kumwomba amtumie picha. Ndiyo, duka lile analijua, yeye ndiye anayelipelekea maziwa. Akaandika namba ya mhakiki: ngojeni. Wakangoja, mhakiki akiuma kucha, Bwana Subiri akishika shavu lake.

Simu ilipolia, namba ilikuwa ngeni.

"Dada? Ni mimi. Simu yangu walininyang'anya njiani. Mama yuko wapi?"

Alilia kwa sauti, ofisi nzima ikamgeukia, na wala hakujali. Akamuunganisha shangazi. Kwanza ikasikika dua moja ndefu, kisha mvua ya maswali: umekula, umelala wapi, mbona umekonda hivyo, wewe mtoto utaniua. Kitinda alicheka na kulia pamoja. Kisha akauliza, "Na kaka yuko wapi?"

"Alikuwa anakufuata," alisema shangazi. "Alikuwa anakuja mtaani kwako, kwenye ile nyumba."

Kitinda aliacha kucheka.

"Mama, mtaa ule haupo tena. Uliteketea wote siku niliyotoka. Waliorudi kuchukua ndugu zao hawakuonekana tena."

Mhakiki alikuwa ameshachukua simu yake nyingine. Dereva alipokea mara ya kwanza tu ilipoita, akasikiliza, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia. Halafu ikasikika injini ikiwaka, na mlio wa lori linalorudi kinyumenyume, tii, tii, tii, likitafuta nafasi ya kugeuza.