Herufi D kwenye kibodi ya Kibibi

Vidole vya Kibibi vilijua Kiingereza ambacho kinywa chake hakikukijua. Ukimwuliza kwa Kiingereza njia ya kwenda stesheni, angekukodolea macho tu. Lakini mwekee kibodi mbele: L ni mstari, TR ni kukata kilichozidi, X ni kuvunja umbo libaki vipande vipande. Ndivyo wachoraji wote wa ofisi ya michoro ya kiwanda walivyojifunza, kwenye nakala ya programu ya kuchorea iliyoletwa zamani kutoka Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na hakuna aliyeona sababu ya kuibadilisha. Walipiga soga kwa Kiswahili, wakatukana kwa Kifaransa, wakachora kwa Kiingereza.

Kisha kiwanda kikapata wenyewe wapya, na wenyewe wakaja na programu yao. Utepe wa amri juu ya skrini, kutoka kona hadi kona, ulikuwa Kichina kitupu. Njia za mkato nazo zilifuata matamshi ya Kichina, kwa hiyo herufi ile ile uliyoizoea ilifanya kazi nyingine kabisa. Ndipo akaletwa Hervé, kijana wa Kapolowe aliyesomea Wuhan, awe mkalimani wa ofisi ya michoro. Alikaa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, akiteleza kutoka meza hadi meza.

"Hervé, hii kanyumba ya mikia mbili inasema nini?" Benoît, mchoraji wa meza ya dirishani, alikuwa akimwita, kidole kwenye herufi ya Kichina.

"Inasema wacha kuuliza, fanya kazi."

"Na hii yenye kukaa pembeni?"

"Hiyo inasema Benoît ni muvivu."

Kwenye meza ya Kibibi kiti kile kilikawia zaidi. Mwezi haukuisha kila mtu akajua. Mama yake Hervé, Mkatoliki wa kufungia rozari kwenye mkono wa mkoba, alinuna muda mrefu kwa sababu msichana ni Mwislamu, halafu siku moja akatuma samaki wa ziwa Tshangalele waliokaushwa vizuri, na Kibibi akaelewa kwamba amekubaliwa.

Wakati wa chakula cha mchana Hervé alimwandikia maneno ya Kichina kiganjani kwa kalamu ya wino. Kwanza yalikuwa maneno ya mapenzi. Mto. Mvua. Njoo hapa.

Ajali ilianzia siku ambayo Hervé aliitwa kutafsiri kwenye mkutano wa wakubwa. Kibibi alikuwa anachora mikono ya chuma ya kubebea ngazi ya tangi. Alitaka kurekebisha mtindo wa vipimo, akakichagua kipimo, akabonyeza D kama vidole vyake vilivyozoea. Hakuna kilichobadilika machoni. Alidhani programu imechelewa, akaendelea. Kumbe kwa wale wenyewe D ilikuwa amri ya kuvunja vipande. Kipimo kilichovunjwa hubaki kinafanana na kipimo: mistari ile ile, mishale ile ile, namba ile ile. Ila hakishikani tena na mchoro. Baadaye alipourefusha mkono wa chuma, namba haikufuata. Karakana haikati chuma kwa kuangalia picha, inakata kwa namba. Mikono ikatoka mifupi, ikachomelewa kwa ncha tu. Papa Isidore, mchomeleaji aliyemjua Kibibi tangu akiwa na sare ya shule, alipanda ngazi ile wa kwanza. Mikono ikaachia, ngazi ikang'oka naye. Mguu ulivunjika chini ya goti, na goti lenyewe halikurudi kuwa goti.

"Haiko kosa yako, mwanangu," alimwambia hospitalini. "Chuma njo ilikuwa kifupi."

Kibibi alilia mpaka nesi akamtoa nje.

Tangu siku hiyo alibadilisha maneno aliyoyaomba kiganjani. Kuvunja. Kurefusha. Kioo. Mtindo wa vipimo. Hervé alicheka. "Chérie, unajifunza Kichina ya kiwanda? Tutafika Wuhan, utamwambia muuza mboga 'refusha'?" Akaandika hata hivyo, kwa uangalifu, akiushika mkono wake kana kwamba ni karatasi ya mtihani.

Kibibi hakumwambia maneno yanakwenda wapi. Kazi zilipopungua alifungua dirisha la kupangia programu. Kwanza aliweka nakala ya mpangilio wa asili kando, bila kuugusa. Kisha akaanza kubadilisha majina ya vitufe vya utepe, jina tu, kwa sababu amri iliyo nyuma ya jina ukiichokoza kitufe kinakufa. Palipoandikwa kwa Kichina sasa paliandikwa EXPLODE, STRETCH, MIRROR. Njia za mkato zilimtesa zaidi, maana herufi moja haikubali mabwana wawili: ilibidi aiondoe D kwenye kuvunja kwanza, ndipo aipe mtindo wa vipimo, na kuvunja akaipeleka X ilikozoeleka. Mara ya kwanza alihifadhi faili vibaya, maandishi ya Kichina yaliyobaki yote yakageuka alama za kuuliza. Akarudisha nakala, akaanza upya. Alipomaliza, akaliingiza faili kwenye kompyuta zote tatu.

Benoît alikaa, akabonyeza, akapiga mluzi. "Kibibi! Vidole yangu imerudi kwao!"

Chef Stanislas, mkuu wa ofisi, alisimama nyuma yao akitazama. Mwisho wa juma alimwita Hervé na kumwambia kwamba mkataba wake hautaendelea. Wachoraji sasa wanajisomea wenyewe.

Hervé alirudi kuchukua sufuria yake ya chakula. Benoît alijifanya ana haja ya kutoka.

"Ni weye njo ulifanya?"

"Ni minye."

"Na maneno ya mukono? Nilifikiri unajifunza juu ya kunipenda."

"Ya kwanza ilikuwa juu yako," Kibibi alisema. "Mvua. Mto. Ile yote."

"Na ingine?"

"Ya Papa Isidore."

Hervé alikaa kwenye kiti chake chenye magurudumu, lakini hakuteleza popote. "Ungeniambia. Ningekupa yote, Kibibi. Hata nikijua inanifukuza. Ningekupa."

Hilo ndilo lililompasua Kibibi. Alijua ni kweli. Alijua pia kwamba Hervé angempa, halafu angekwenda kumweleza mama yake kule Kapolowe, na mama angekuja, na watu wazima wangekaa kitako kuijadili kazi ya kijana, na ofisini D ingeendelea kuvunja vipande.

"Nakala ya zamani iko?" Hervé aliuliza taratibu.

"Iko."

"Irudishe. Ni dakika moja. Bataniita tena, nitakaa hapa pembeni yako, nitachunga kila mukono wa kila muntu. Mama hatajua kitu. Ao sema tu pardon, Kibibi. Hata bila kurudisha. Sema pardon, minye nitatafuta kazi Kolwezi na tutaendelea."

Kipanya kilikuwa chini ya kiganja cha Kibibi. Kwenye ngozi, neno la mwisho aliloandikiwa na Hervé lilikuwa bado halijafutika vizuri. Alimpenda mtu huyu kiasi kwamba kifua kiliuma kama chenye ufa. Nje ya dirisha Papa Isidore alikuwa anavuka uwanja kwa magongo, amekuja kuulizia kazi ya kukaa, akisimama kila baada ya hatua chache kupumzisha mkono.

"Utakuwa mbali na minye," Hervé alisema, "juu ya neno moja?"

Kibibi aliondoa mkono kwenye kipanya. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa.

"Nakupenda," alisema. "Na faili inabaki. Pardon sitaomba, Hervé. Siombi."