Karata Hamsini na Moja

Mkuu wa idara ya hesabu alimchukia yule mwalimu mgeni tangu siku ya kwanza, na wala hakujisumbua kuficha. Asubuhi ile, kwenye ofisi ya walimu, alimnyang'anya pakiti ya karata, akazipekua moja moja, kisha akamtupia mezani.

"Kamari hiyo, binti. Na hii hatua ya kwanza ya andalio lako la somo, 'wanafunzi wahesabu karata', ifute. Unapoteza dakika tano."

Hakuifuta. Somo hilo ndilo lingeamua kama atathibitishwa kazini au atafungasha virago, na alikuwa amekesha akiliandaa.

Darasani, mkuu wa shule, mama wa makamo, alikaa nyuma na fomu yake ya tathmini. Mkuu wa idara alikaa kando yake, miguu kaitanua kama yuko sebuleni kwake. Wanafunzi wakahesabu. Hamsini na moja. Wakarudia. Hamsini na moja.

Mwalimu alichukua chaki. Akawauliza njia za kuchagua karata mbili bila kujali mpangilio. Hamsini na moja mara hamsini, gawanya kwa mbili. Akaandika 1275.

"Andalio linasema 1326!" Mkuu wa idara alidakia. "Somo limeharibika!"

"Hiyo ni ya karata hamsini na mbili, Mwalimu. Hapa hazipo." Akawageukia wanafunzi. "Nikichomoa moja bila kutazama, uwezekano wa kupata ree, ile yenye A, ni upi?"

"Nne juu ya hamsini na moja," alijibu msichana wa dawati la mbele.

"Mbumbumbu!" Mkuu wa idara alisimama. Jibu baya lilimuwasha kuliko upele, hakuweza kulivumilia hata kutoka darasa la adui yake. "Tatu juu ya hamsini na moja! Nani kakufundisha wewe?"

Mwalimu aliiweka chaki chini taratibu. Hasira ilimpanda, tena tamu.

"Hatujui ipi imepotea. Kila karata ina nafasi sawa ya kuwa ndiyo hiyo, kwa hiyo bado ni nne juu ya hamsini na mbili, yaani moja juu ya kumi na tatu. Tatu juu ya hamsini na moja ni jibu la mtu anayejua kwamba iliyotoka ni ree."

Msichana yule akazipanga karata harakaharaka: shupaza, uru, pao, zote zina ree. Kopa hakuna.

"Upuuzi," alisema mkuu wa idara, mkono ukikimbilia mfuko wa koti.

"Itoe," alisema mkuu wa shule.

Akaitoa ree ya kopa, akaitupa sakafuni miguuni pa mwalimu.

Mwalimu hakuinama. "Iokote, Mwalimu. Somo langu bado lina dakika ishirini."

Mkuu wa idara alimtazama mkuu wa shule, akitegemea kutetewa. Yule mama alikuwa ameinamia fomu, anaandika.

Akaiokota.