Dawa ya Mama Haifiki Huko

Mwenye duka la dawa alipita nyuma ya kaunta akanyoosha mkono kwenye rafu. "Nipe zile ulizompa mama watoto. Siku tano tu, akapona kabisa. Na mimi sasa mkojo unanichoma."

Mfamasia, aliyeajiriwa na bosi huyo mwenyewe, aliona jasho usoni mwake na macho mekundu ya homa. Akasimama mbele ya rafu.

"Sikupi, bosi."

"Duka la nani hili?"

"Lako. Na homa ni yako." Hakusogea. "Mama watoto aliugua kibofu tu, hana homa, hana mimba. Wewe mwanamume, tena una homa. Huenda vijidudu vimeingia kwenye tezi dume, na dawa ya mama haifiki huko. Nenda hospitali sasa hivi. Wachukue mkojo wauoteshe maabara, waone ni vijidudu gani, kabla hujameza kidonge hata kimoja."

Bosi akaondoka amenuna, akimwita kichwa kigumu.

Siku ya nne alirudi, homa imeshuka. Daktari alikuta tezi dume imevimba, akampa dawa nyingine, ya wiki mbili. Hakumwambia mfamasia asante. Alivuta kiti akaketi pembeni.

Mara akaingia mwanamume akashika kaunta. "Dada, nipe za mkojo, kama zile za mke wangu."

Mfamasia hajafungua mdomo, bosi akadakia, kifua mbele:

"Ndugu yangu, usijisumbue. Hata mimi mwenye duka alininyima!"