Shikamoo Kabla ya Kijiko

Mudi alitua wodini kwetu Kilosa akitokea Mikumi na amri moja: mama yake, Bibi Tabu, awekewe mpira wa kulishia kupitia puani. Bibi ana mwaka wa tisa kumbukumbu zikimpotea. Hatembei tena, na neno pekee lililombakia ni marahaba.

Daktari alimweleza kwamba ugonjwa ukishafika hapo, tafiti hazionyeshi kuwa mpira unaongeza maisha, wala kuzuia chakula kuingia mapafuni. Wagonjwa wengi huung'oa, wakaishia kufungwa mikono. Kinachoshauriwa ni kulisha kwa mkono, taratibu.

"Si anafunga mdomo," Mudi akabisha.

Mimi, muuguzi niliyechoshwa na wabishi, nikampa bakuli la uji. Akasukuma kijiko. Bibi, aliyeketishwa wima, akakaza midomo.

Zena, dada yake Mudi, akacheka. "Msalimie kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mdomo ukabaki wazi, kijiko kikaingia, tukasubiri ameze. Kisha akaufunga tena.

Mudi, mwenyekiti wa kitongoji aliyezoea kuamkiwa, alitoa shikamoo kumi na saba. Ya kumi na nane Bibi aligeuza uso: ameshiba.

Nikaandika kwenye faili majina ya waliokuwepo, walichoelezwa na walichokubaliana: hakuna mpira, analishwa kwa mkono kadiri anavyotaka, tutakaa tena hali ikibadilika. Nikaongeza: shikamoo kabla ya kila kijiko.

Mudi aliisoma mara mbili kabla ya kusaini.

"Na siku asipoitikia?"

"Tutamlowesha midomo isikauke," nikasema. "Wewe utamwamkia vilevile."