Uakida wa Karanga

Reli ya Mjerumani ilipofika Dodoma, walimu wa misheni walikutana huko. Petro, mtu asiye na haya hata kidogo, alimwandama Mwalimu Bartolomayo, aliyesikilizwa na wakubwa wa misheni, akimwomba kazi, vitabu na koti. Loisi, mwalimu wa kijiji cha Haneti, alimuuliza tu jinsi ya kufundisha hesabu kwa kokoto.

Mwaka mzima wabeba chumvi walimpelekea Bartolomayo karanga kidogo kutoka kwa Loisi, na habari za hesabu ya kokoto darasani mwake. Naye alijibu kwa ushauri.

"Dada, kwa karanga hizo utapewa uakida, uwe mtawala wa Mjerumani!" Petro alicheka.

Misheni ilipotaka kuifunga shule ya Haneti, Loisi alimwita Bartolomayo. Alikuja kwa miguu, akawasikiliza watoto wakihesabu kwa kokoto, akawaambia wakubwa, "Msiifunge. Nitarudi kila mavuno. Darasa langu la wasichana limenishinda, na Loisi atanifundisha."